"Upo?" ya saa tano usiku

Meseji ilikuwa na neno moja tu: "Upo?" Iliingia saa 5.40 usiku, siku ya Jumatano, kutoka kwa mama mmoja mwenyekiti wa kamati ya harusi ambayo nilikuwa naidizainia kadi za mwaliko. Niliiona. Nilikuwa nimejilaza, simu mkononi, nacheka na video za watu. Nikaifungua, tiki mbili zikageuka bluu, nikajisemea huyu mama tutaonana kesho, leo nimechoka. Nikazima taa.

Asubuhi saa 3 nikapeleka kazi kwa mchapaji, Kariakoo. Sampuli ilikuwa imepitishwa tangu jana yake jioni, kamati nzima imeandika "sawa, chapa" kwenye grupu, sikuwa na sababu ya kungoja. Kufika saa 5 kadi 300 zilikuwa zimeshatoka na zinakatwa. Saa 6 mchana ndipo nikamkumbuka mwenyekiti.

"Shikamoo mama. Jana ulinitafuta."

"Marahaba mwanangu. Nilitaka kukwambia ukumbi umebadilika."

Tukanyamaza wote wawili. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo sina jibu lake: "Meseji yangu si uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Sasa mbona ulikaa kimya?"

Kadi zilichapwa upya. Karatasi alilipa yeye, mashine nikalipa mimi, na faida ya kazi ile ikaishia hapo. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko linavyostahili. Kosa halikuwa kwamba sikufanya kazi saa sita kasoro usiku, maana hakuna mtu mwenye akili anayedai mdizaini awe macho saa hizo. Yule mama mwenyewe hakudai. Angeridhika kabisa kama angejua kwamba nitamjibu saa 2 asubuhi, kabla sijaenda popote. Ila hakujua, kwa sababu sikuwahi kumwambia.

Tatizo hili lina sura yake ya kwetu, na ndiyo maana mashauri mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa kwingine hayatukai vizuri. Sisi hatumwagi shida mlangoni. Mtu anapiga hodi kwanza, anangoja aambiwe karibu, anasalimia, anaulizia nyumbani, ndipo anaeleza kilichomleta. Tumehamia kwenye simu na utaratibu ule ule. "Upo?", "Habari za jioni", "Mambo kaka": zote hizo ni hodi. Mteja wa Ulaya aghalabu angeandika kwa mkupuo mmoja kwamba ukumbi umebadilika, jina jipya ni hili, akalala. Mteja wangu anapiga hodi, halafu anangoja. Nisipoitika, habari yenyewe inabaki kwake.

Tena hodi isiyoitikiwa ina namna mbili. Ukibisha nyumba imefungwa kufuli, unaondoka bila kinyongo, wenyewe hawapo. Ukibisha huku unasikia redio inaimba ndani, hilo ni jambo jingine. Tiki za bluu ndiyo redio hiyo. Mteja haoni kwamba umechoka, anaona kwamba upo na umemkataa. Kwa hiyo unapopanga saa za kazi na wateja wako, kazi ya kwanza ni kuhakikisha hodi inaitikiwa hata ukiwa umelala, na kwamba habari inaingia ndani bila kukungoja wewe.

Angalia tangazo ambalo wengi wetu tumeliweka kwenye simu zetu za biashara: "Ndugu mteja, ofisi imefungwa. Muda wetu wa kazi ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Tafadhali wasiliana nasi katika muda huo." Maneno yana adabu, lakini yanafanya nini? Yanamwambia mgeni arudi kesho abishe upya. Mzigo wa kukumbuka umebaki kwake, na habari ya ukumbi imebaki naye vilevile. Isitoshe, limetaja saa ya kufunga. Mteja hana haja na saa unayofunga. Anachotaka kujua ni saa atakayopata jibu.

Mimi siku hizi natumia haya:

"Salaam. Ujumbe wako umefika, asante. Niandikie jambo lako lote hapa hapa, hata kama ni usiku, nitalikuta. Meseji za usiku nazijibu asubuhi kabla ya saa 4. Kama kuna kosa kwenye kazi inayochapwa kesho, nipigie kwa simu ya kawaida mara mbili mfululizo."

Kila sentensi pale ina sababu. "Salaam" ni kwa kuwa mashine haijui nani wa kupewa shikamoo na nani wa kupewa mambo, na ukikosea hapo umeharibu kabla hujaanza. Nimeandika "umefika" wala si "nimeuona", kwa sababu sijauona, na mtu mzima ataujua uongo huo. "Niandikie jambo lako lote" ndiyo sentensi iliyonigharimu kadi 300: inamkaribisha mteja aingie na mzigo wake bila kunisubiri. Saa 4 ni ahadi, na simu ya mara mbili nitaieleza baadaye.

Kuhusu ahadi yenyewe, watu wengi huitaja kwa kuonea aibu. Mteja akiuliza utanijibu lini, ulimi unakimbilia "sasa hivi", "dakika mbili", au lile la kwetu maarufu, "nakuja", ambalo mtu hulisema huku anaondoka. Nilichofanya mimi ni kurudi nyuma kwenye simu yangu, wiki mbili nzima, nikaandika kwenye daftari kila meseji ya mteja iliingia saa ngapi na niliijibu saa ngapi. Katika meseji 40 za mchana, 29 nilizijibu ndani ya saa moja. Nane zilichukua hadi saa tatu, nyingi ni za wakati nipo kwa mchapaji, kelele za mashine, simu mfukoni. Tatu zililala. Kabla ya kuhesabu ningekuapia kwamba mimi hujibu ndani ya nusu saa.

Basi nikaahidi saa tatu. Mwenzangu mmoja kwenye kazi hii alinicheka, akasema wateja watakimbilia kwa anayejibu upesi. Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Ukiahidi saa moja, wateja 11 kati ya wale 40 wamekuhesabu mwongo. Ukiahidi saa tatu ukajibu baada ya dakika ishirini, hakuna aliyewahi kulalamika. Zile tatu zilizolala ndizo za kushughulikia, na dawa yake si kukimbia zaidi bali kuangalia simu saa 10 jioni kila siku kwa ajili hiyo tu.

Halafu kuna saa mbili ambazo mteja huzichanganya, na sisi tunamsaidia kuzichanganya. Watu wa kutunza kompyuta na mitandao ya maofisi wamelijua hili muda mrefu, hata kwenye mikataba yao huandika mistari miwili tofauti: muda wa kujibu, na muda wa kumaliza tatizo. Mteja akikutumia marekebisho saa 7 mchana, kumjibu kunachukua dakika moja. Kurekebisha kunaweza kuchukua siku. Ukingoja umalize ndipo ujibu, kwake wewe umepotea siku nzima. Ukijibu "sawa" peke yake, yeye ameelewa kwamba kazi inaanza sasa. Nami humwandikia hivi: "Nimeiona, kaka. Sasa hivi nipo kwa mchapaji. Nitaifungua saa 9, na saa 11 jioni utakuwa na sampuli mpya." Ndani yake mna mambo matatu: nimeona, niko wapi, na lini. Hilo la niko wapi si lazima, lakini kwetu mtu husamehe haraka anapojua uko wapi. Na kama saa 11 inakaribia na sampuli haijawa tayari, meseji ya kuomba muda inakwenda saa 10 na nusu. Ikienda saa 11 na nusu, hiyo tayari ni kujitetea.

Niseme neno juu ya saa zetu, kwa kuwa limenichanganyia wateja. WhatsApp Business ina sehemu ya kuweka saa za kazi, "Business hours", na mteja akifungua ukurasa wako anaziona. Lakini inaziandika kwa saa za Kizungu. Nikiweka 8:00, yuko atakayesoma saa nane mchana. Kwa hiyo kwenye maandishi yangu mwenyewe hutaja asubuhi, mchana au usiku kila mara, na kwa mteja aliye nje huongeza saa za kwake. Aliye Maskati yuko saa moja mbele yetu, wa Lubumbashi saa moja nyuma. Wa London ndiye wa kuangalia, maana Waingereza hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na tena Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati sisi hatubadili. Majira yao ya baridi tumewatangulia saa tatu, majira ya joto saa mbili. Ukimwambia "asubuhi saa 4" bila zaidi, ataamka alfajiri kukungoja au atakupigia umeshaondoka.

Sasa huo ujumbe wa kujituma wenyewe. Kwenye WhatsApp Business unaingia kwenye zana za biashara, unachagua "Away message", unaandika maneno yako, kisha unaiambia itumwe lini: wakati wote, kwa ratiba uliyojipangia, au nje ya zile saa za kazi ulizoweka. Mimi nimechagua nje ya saa za kazi. Usiuchanganye na "Greeting message", ambao humwendea anayekuandikia kwa mara ya kwanza au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano nawe. Ule ni wa kukaribisha, usiupe kazi ya kutangaza saa.

Una mipaka yake. Unatumwa pale tu simu yako ikiwa na intaneti. Bando likiisha saa 4 usiku, au ukizima simu kabisa ili ulale, hakuna kinachokwenda, na mteja anabaki na tiki moja ya kijivu. Afadhali kidogo kuliko bluu, lakini hodi haikuitikiwa. Kwa hiyo usiku simu yangu naiacha inawaka, sauti imezimwa, sebuleni.

Mpaka wa pili niligundua kwa aibu. Mwanzoni niliuacha uende kwa watu wote. Usiku mmoja mama mkwe alinisalimia kuniulizia mtoto aliyekuwa na homa, simu ikamjibu kwamba ujumbe wake umefika na kama kuna kosa kwenye kazi inayochapwa kesho anipigie mara mbili. Alipiga mara mbili. Ndani ya mpangilio ule ule kuna mahali pa kuchagua wapokeaji: watu wote, wasiokuwemo kwenye majina yako, wote isipokuwa fulani na fulani, au wachache uliowataja tu. Watoe ndugu kwanza, ndipo uwashe.

Nilisema nitaeleza simu ya mara mbili. Kila mteja anaamini jambo lake ni dharura, na huwezi kumwambia siyo wakati moto umeshawaka. Dharura inaelezwa siku ya malipo ya kwanza, kwa mfano wa kazi yenyewe. Kwangu mimi dharura ni kosa la jina, tarehe, saa au ukumbi kwenye kazi ambayo asubuhi inaingia mashineni. Basi. Kubadili rangi ya utepe si dharura, wala shangazi wa bwana harusi kutaka picha ikae kulia. Nikishaisema hivyo, watu hucheka na kukubali, na wachache sana wamewahi kuivuka.

Kisha inahitaji njia yake ya peke yake. Meseji ni kwa mambo yote, simu ni kwa dharura. Simu nyingi zikiwekwa kwenye hali ya kutosumbuliwa zinaweza kumruhusu anayerudia kupiga: kwenye iPhone simu ya pili ya mtu yule yule ndani ya dakika tatu inalia, na kwenye Android nyingi ni ndani ya dakika 15. Ndiyo maana naandika "mara mbili mfululizo". Nasema pia "simu ya kawaida" kwa makusudi, sio ya WhatsApp, kwa sababu ile ya mtandaoni inategemea bando la pande zote mbili. Iwashe na uijaribu kwa simu ya mke au rafiki kabla ya kuahidi.

Wenye kazi za harusi watauliza: kamati ina watu 25, nani anapiga? Msemaji mmoja. Nisipoambiwa jina la msemaji sianzi kazi. Grupu likisema mambo matano, nasubiri msemaji aseme moja. Hii imenipunguzia meseji za usiku kuliko mpangilio wowote wa simu.

Lakini yote haya unaweza kuyavunja mwenyewe kwa kidole kimoja. Mteja hasomi saa ulizoandika, anasoma saa unazojibu. Ukimjibu mara moja saa 6 usiku, tena kwa furaha, umemwonyesha saa zako halisi, na kesho akibisha saa hiyo hiyo hana kosa. Ikiwa jibu limekujia kichwani usiku, liandike uliache bila kutuma. Kwenye barua pepe ni rahisi zaidi: Gmail ina "Schedule send", andika usiku, iende saa 2 asubuhi. Na kuna status. Hujamjibu mtu tangu saa 12 jioni, saa 4 usiku umepandisha picha za mishkaki, naye ni wa kwanza kuitazama. Hapo hakuna tangazo la saa za kazi litakalokuokoa. Ama wateja uwafiche kwenye mipangilio ya status, ama uwe na namba mbili. Mimi nina namba mbili.

Ugumu uko kwa mteja wa zamani, uliyemzoeza usiku kwa miaka. Huyo usimwachie mashine imweleze, ataona umekuwa bosi. Nilimpigia mmoja, mzee aliyenipa kazi nikiwa sina hata kompyuta yangu: "Mzee, shikamoo. Kuanzia tarehe moja nitakuwa najibu mambo ya kazi hadi saa 12 jioni, watoto wamekua, wananidai. Wewe ukiniandikia usiku utakuwa wa kwanza asubuhi." Akasema, "Na nikikwama?" Nikamwambia, "Ukikwama, unapiga." Hajapiga hata mara moja usiku, ingawa asubuhi saa 1 na nusu meseji zake huwa tatu.

Aliye na msaidizi wa kujibu simu akumbuke kwamba huyo hayumo kwenye mapatano yake na wateja. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, muda wa ziada ulipwe angalau mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kumpa binti simu aende nayo nyumbani "ajibu jibu kidogo" ni kazi ya usiku. Sisi tuliojiajiri hatuna wa kutupa nyongeza hiyo.

Yule mama mwenyekiti alirudi mwaka uliofuata, safari hii ni mtoto wake mwenyewe anaolewa. Nilimweleza yote siku ya kwanza, akasikiliza akitabasamu. Wiki ya kuchapa, nikaamka nikakuta meseji yake ya saa 5 na robo usiku, ndefu, ina jina la bibi harusi kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na picha ya cheti chenyewe. Hakuuliza kama nipo. Chini kabisa alikuwa ameandika, "Lala mwanangu, najua utaiona kabla ya saa 4." Ilikuwa saa 1 na dakika 20. Nilimjibu saa 2.